Gramu na jouli, kilo na jouli, au kilo na kilojouli? Njia tatu za kushika vizio kwenye maswali ya joto

Swali lilikuwa la kawaida kabisa: barafu ya gramu 40 iliyo kwenye −15°C inapashwa mpaka iwe maji ya 25°C, tafuta nishati inayohitajika. Katika karatasi za mazoezi nilizosahihisha nilikuta majibu matatu yakijirudia. Wengine waliandika 18,820 J. Wengine 18.82 kJ. Kundi la tatu liliandika 5,473 J, na hawa ndio walionifanya niketi nisome kazi yao hatua kwa hatua, kwa sababu kanuni walizijua, hatua walizipanga vizuri, na kuzidisha walizidisha sawasawa. Kilichowaponza ni vizio. Karatasi ilitoa data hivi:

```
c ya barafu            = 2,100 J/(kg °C)
c ya maji              = 4,200 J/(kg °C)
L, kuyeyuka kwa barafu = 334 kJ/kg
```

Mistari miwili ya kwanza iko kwenye jouli, wa tatu uko kwenye kilojouli. Hakuna aliyekusudia kumtega mtu. Wanaotunga maswali huandika 334 kJ/kg kwa sababu 334,000 J/kg inachosha macho, lakini matokeo yake ni kwamba anayefanya swali analazimika kuamua mapema atashika vizio vya aina gani. Kuna njia tatu zinazotumika, na zote tatu hufika kwenye jibu lile lile. Tofauti iko kwenye makosa ambayo kila moja inayaalika, na kama kosa likitokea utaliona au litapita.

Tutazipima kwa nini

Nitaziuliza njia zote maswali manne yale yale. Kwanza, unabadilisha namba ngapi kabla ya kuanza kukokotoa? Kila ubadilishaji ni nafasi ya kuteleza. Pili, namba unazozipata njiani zinasomeka, au ni mlolongo wa sifuri? Tatu, njia inaungana vipi na sehemu nyingine za fizikia, hasa hita yenye wati na nishati ya mwendo au ya kimo, maana maswali marefu hupenda kuchanganya mambo hayo. Nne, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: ukikosea, jibu linapiga kelele au linanyamaza?

Kabla ya kuzitazama, tukubaliane juu ya umbo la swali lenyewe, kwa kuwa halibadiliki kwa njia yoyote. Barafu ya −15°C haigeuki kuwa maji ya 25°C kwa hatua moja. Inapanda kwanza kutoka −15 hadi 0 ikiwa bado barafu, na hapo tunatumia Q = mcΔT kwa c ya barafu. Halafu inayeyuka ikiwa pale pale kwenye 0°C, halijoto haisogei hata kidogo, na hapo tunatumia Q = mL. Mwisho maji yaliyopatikana yanapanda kutoka 0 hadi 25, Q = mcΔT tena, safari hii kwa c ya maji. Anayechukua tofauti nzima ya digrii 40 na kuizidisha kwa 4,200 kwa mkupuo mmoja amepashia barafu kana kwamba ni maji, na hakuna uangalifu wa vizio utakaomwokoa.

Neno moja kuhusu halijoto, kisha tuliache. Kwenye ΔT, digrii za selsiasi na kelvini ni kitu kimoja: kutoka −15 hadi 0 ni digrii 15, na kwa kelvini ni kutoka 258 hadi 273, yaani 15 vile vile. Ukiona mtu ameongeza 273 kwenye tofauti akapata 288, ameongeza mara moja kitu ambacho kilipaswa kuongezwa pande zote mbili kikajifuta chenyewe.

Njia ya kwanza: kilogramu na jouli

Hii ndiyo njia ya vizio vya kimataifa bila kupindapinda. Tungamo lolote linageuzwa kuwa kilogramu, nishati yoyote inageuzwa kuwa jouli, ndipo unaanza.

```
kupasha barafu : 0.040 × 2,100 × 15  =  1,260 J
kuyeyusha      : 0.040 × 334,000     = 13,360 J
kupasha maji   : 0.040 × 4,200 × 25  =  4,200 J
jumla                                = 18,820 J
```

Katika swali letu umebadilisha namba mbili: gramu 40 zimekuwa 0.040 kg, na 334 kJ/kg zimekuwa 334,000 J/kg. Si kazi kubwa, ila kwenye swali lenye vitu vitatu au vinne, mathalani barafu, maji na chombo cha shaba, utajikuta unahamisha nukta ya desimali kila mahali.

Usomekaji wake ni wa wastani. Desimali ndogo upande mmoja na sifuri nyingi upande mwingine ni mchanganyiko ambao kalkuleta haujali, lakini jicho linauchoka. Ukiingia kwenye mvuke, ambako joto fiche la maji kuchemka ni takriban 2,260,000 J/kg, ni rahisi sana kubonyeza sifuri moja pungufu. Wanaopenda njia hii huandika 2.26 × 10⁶, na kwa kweli hiyo ndiyo dawa.

Nguvu yake iko kwenye kuungana na mada nyingine. Wati ni jouli kwa sekunde. Ukiambiwa barafu ile inapashwa na hita ya 500 W na hakuna joto linalopotea, unagawanya tu: 18,820 kwa 500 ni sekunde 37.6. Hakuna cha kubadilisha. Chukua na swali lile la maji yanayoanguka kutoka mita 100, nishati yake yote ya kimo ikigeuka joto. Hapo mgh = mcΔT, tungamo linajifuta, na ΔT ni 9.8 × 100 ÷ 4,200, yaani kama 0.23°C. Umefika bila kugusa kizio chochote, maana g kwa mita inazaa jouli kwa kilogramu moja kwa moja.

Na kosa lake? Kosa la njia hii ni kusahau kubadilisha gramu. Mtu anaandika 40 × 2,100 × 15 na kupata 1,260,000 J. Kosa hili linapiga kelele, lakini kwa anayesikiliza tu. Jouli 1,260,000 zinatosha kupasha lita 3 za maji kutoka 0 hadi 100°C. Kipande cha barafu cha gramu 40 hakiwezi kula nishati yote hiyo kwa kupanda digrii 15 tu. Asiye na kipimo kichwani cha jouli elfu na jouli milioni zinafanya nini ataona namba tu na kuendelea.

Inamfaa nani? Anayefanya maswali yanayovuka mipaka ya mada, na yule ambaye mtihani wake unadai jibu kwa vizio vya kimataifa. Inamfaa pia mtu mwenye tabia ya kusahau, kwa kuwa kanuni yake ni moja na haina masharti: kila kitu kilo, kila kitu jouli.

Njia ya pili: gramu na jouli

Hapa unaacha tungamo kama lilivyotolewa na badala yake unageuza viwango vya data. c ya maji inakuwa 4.2 J/(g °C), ya barafu 2.1 J/(g °C), na joto fiche la kuyeyuka linakuwa 334 J/g.

```
kupasha barafu : 40 × 2.1 × 15  =  1,260 J
kuyeyusha      : 40 × 334       = 13,360 J
kupasha maji   : 40 × 4.2 × 25  =  4,200 J
jumla                           = 18,820 J
```

Ubadilishaji unaufanya mara moja tu mwanzoni mwa karatasi, kwenye jedwali la data, kisha maswali yote kumi yaliyobaki unayachukua yalivyo. Karatasi nyingi za maabara hutoa tungamo kwa gramu kwa sababu mizani ya maabara inasoma gramu, na maji hutolewa kwa sentimita za ujazo. Sentimita moja ya ujazo ya maji ni gramu moja kwa ukaribu unaotosha kazi hizi, kwa hiyo maji ya 200 cm³ unayaandika 200 bila kufikiri. Kwa usomekaji sijaona njia inayoishinda: namba zake ni za ukubwa ambao mtu anaweza kuzikadiria kichwani kabla hajagusa kalkuleta.

Kipimo cha tatu ndicho kinachoiangusha. Kwa hita haina shida, kwa kuwa nishati bado iko kwenye jouli na 18,820 ÷ 500 inafanya kazi kama kawaida. Lakini rudi kwenye yale maji yanayoanguka mita 100. Ukitumia 4.2 badala ya 4,200 unapata 980 ÷ 4.2, digrii 233. Maji yangekuwa mvuke kabla hayajafika chini. Kanuni za mgh na ½mv² zinataka kilogramu, na gramu zikiingia humo zinaharibu mara elfu moja. Angalau jibu la namna hiyo ni la kipuuzi kiasi kwamba linajifichua lenyewe.

Kosa la ndani zaidi la njia hii ni la namba 334 yenyewe. Angalia: 334 J/g na 334 kJ/kg ni kiwango kimoja, kimegawanywa kwa elfu juu na chini. Namba haibadiliki, jina tu ndilo linalobadilika. Kwa hiyo mtu anayechukua 334 kJ/kg kutoka kwenye karatasi, akaizidisha kwa 40 na kuandika 13,360 kJ, ametumia gramu kwenye hesabu na kilo kwenye jina. Namba ni sahihi, kizio kimezidi mara elfu. Kilojouli 13,360 zingeyeyusha kilo 40 za barafu, si gramu 40. Nimeona kosa hili likifanywa na watu makini kabisa, maana hakuna namba iliyokosewa ya kuwashtua.

Njia hii inamfaa anayefanya mfululizo wa maswali ya kuchanganya, barafu ndani ya maji, chuma cha moto ndani ya kalorimita, ambako kila kitu kiko kwenye gramu na hakuna mwendo wala kimo. Inamfaa pia anayependa kukadiria kabla ya kukokotoa.

Njia ya tatu: kilogramu na kilojouli

```
kupasha barafu : 0.040 × 2.1 × 15  =  1.26 kJ
kuyeyusha      : 0.040 × 334       = 13.36 kJ
kupasha maji   : 0.040 × 4.2 × 25  =  4.20 kJ
jumla                              = 18.82 kJ
```

Kwa wanaoshughulika na mvuke na mitambo ya joto hii ndiyo lugha ya kila siku, kwani majedwali yao yanaandika kJ/kg. Faida yake ya kwanza ni kwamba joto fiche halibadilishwi. 334 na 2,260 zinaingia kama zilivyo. Unachobadilisha ni c, kutoka 2,100 kuwa 2.1, na tungamo kama limetolewa kwa gramu.

Faida ya pili iko mwishoni mwa hesabu. Tuseme swali linataka jibu kwa tarakimu mbili za maana. Ukiandika 19,000 J, msomaji hajui kama zile sifuri ulizipima au umezijaza tu. Ukiandika 19 kJ, shaka hiyo haipo. Ni jambo dogo, lakini wasahihishaji wanaodai tarakimu za maana huliangalia.

Wati ndizo zinazoisumbua. 18.82 ÷ 500 ni 0.038, na aliyeharakisha ataandika sekunde 0.038, barafu imeyeyuka kabla hajapepesa jicho. Hapa lazima uchague: ama urudishe nishati kwenye jouli, ama uandike hita kuwa 0.5 kW, na 18.82 ÷ 0.5 inakupa tena sekunde 37.6. Maji yanayoanguka nayo yanakudai ubadilishe, kwa sababu gh inatoka kwenye jouli.

Na kosa lake kubwa ndilo lile la kundi la tatu. Wao walifuata kilogramu, wakaacha c kwenye jouli, wakaacha L kwenye kilojouli:

```
0.040 × 2,100 × 15  = 1,260
0.040 × 334         =    13.36
0.040 × 4,200 × 25  = 4,200
jumla               = 5,473   (vizio vimechanganyika)
```

Wameongeza jouli kwenye kilojouli. Hii ndiyo sababu njia ya tatu inamfaa mtu mwenye nidhamu ya kuandika kizio kwenye kila mstari, na haimfai anayeandika namba tupu akitumaini kuweka kizio mwishoni. Ukiandika 1,260 J, kisha chini yake 13.36 kJ, mkono wenyewe unasita kabla ya alama ya kujumlisha.

Kuna wanaouliza habari za kalori. Kwa kalori maji yana c ya 1 cal/(g °C) na kuyeyuka kwa barafu ni karibu 80 cal/g, namba tamu kuliko zote. Ila mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo wa mwaka 1948 uliifanya jouli kuwa kizio cha joto, na kalori yenyewe ina maana zaidi ya moja: iko ya 4.184 J, iko ya 4.1868 J, na ile inayoandikwa kwenye vifurushi vya vyakula aghalabu ni kilokalori. Karatasi ikikupa kalori, igeuze kuwa jouli kwa kiwango ambacho karatasi yenyewe imekitaja, kisha urudi kwenye moja ya njia tatu.

Ukaguzi usiojali njia uliyochagua

Kabla ya kuendelea nataka kukaa kidogo na hiyo 80, kwa kuwa ina manufaa kuliko inavyoonekana. Gawanya joto fiche la kuyeyuka kwa c ya maji: 334 ÷ 4.2 ni karibu 80. Vizio vya nishati na vya tungamo vinajifuta, inabaki digrii. Maana yake ni hii: kuyeyusha barafu kunakula nishati sawa na kupasha maji ya tungamo lile lile kwa digrii 80. Kwa mvuke, 2,260 ÷ 4.2 ni kama digrii 538.

Sasa itazame kazi ya kundi la tatu kwa jicho hilo. Maji yao yalipanda digrii 25 tu, na hatua hiyo ilikula 4,200. Kuyeyuka, ambako ni sawa na digrii 80, kulipaswa kula zaidi ya mara tatu ya hapo. Wao walipata 13. Hahitajiki mtu kujua jouli ni nini kuona kwamba mstari wa kati umekosewa. Katika njia zote tatu sahihi uwiano ni ule ule: 13,360 kwa 4,200, au 13.36 kwa 4.20.

Zikiwekwa kwenye swali gumu zaidi

Tuitupe barafu ile ile, gramu 40 kwenye −15°C, ndani ya maji ya gramu 200 yaliyo kwenye 30°C, chombo tukichukulie hakinywi joto. Halijoto ya mwisho ni ngapi?

Usianze na mlinganyo mrefu. Anza kwa kuuliza kama barafu yote inaweza kuyeyuka. Kwa gramu na jouli: maji yakishuka mpaka 0°C yanatoa 200 × 4.2 × 30 = 25,200 J. Barafu inahitaji 1,260 kufika sifuri na 13,360 kuyeyuka, jumla 14,620 J. Inatosha, na inabaki 10,580 J. Nishati hiyo inapasha maji yote kutoka sifuri, na maji yote sasa ni gramu 240, maana barafu imeshajiunga nayo.

```
10,580 ÷ (240 × 4.2) = 10.5 °C
```

Kwa kilo na jouli, au kwa kilo na kilojouli, utapata 10.5°C pia. Na hapa linajitokeza jambo linalobadilisha uzito wa kipimo cha nne. Katika swali la kuchanganya, aliyesahau kubadilisha gramu kila mahali kwa njia ya kwanza bado anapata 10.5, kwani elfu yake ya ziada iko kwenye kila kipande na inajifuta. Kosa lake limenyamaza, lakini halimdhuru humo. Aliyechanganya jouli na kilojouli hana bahati hiyo. Hesabu yake ni 25,200 kutoa 1,260 kutoa 13.36, kugawa kwa 1,008, na jibu ni 23.7°C.

Hilo ndilo kosa baya kuliko yote niliyoyataja. Maji ya digrii 30 yametiwa barafu yakashuka mpaka 23.7, nani atashtuka? Linganisha na yule aliyekosea upande wa pili, akazidisha 40 kwa 334,000. Yeye anapata takriban −13,200°C, na kwa kuwa hakuna kitu chini ya −273°C, anajua papo hapo kwamba amepotea. Kwa hiyo kwenye maswali ya kuchanganya usitegemee jibu la mwisho likuambie ukweli. Kagua mstari wa kuyeyuka kwa ile 80, kabla hujaenda mbele.

Barafu ikiwa gramu 100 hali inageuka. Inahitaji 3,150 J kufika sifuri na 33,400 J kuyeyuka, jumla 36,550, ilhali maji yana 25,200 tu ya kutoa mpaka sifuri. Barafu haiyeyuki yote na halijoto inakomea 0°C. Aliyeruka swali la mwanzo na kukimbilia mlinganyo atapata −9°C, jambo lisilowezekana kwa kitu alichodhani chote kimekuwa maji. Kinachotafutwa hapa ni kiasi kilichoyeyuka: 25,200 kutoa 3,150 ni 22,050 J, gawa kwa 334 J/g, unapata gramu 66. Njia ya gramu inatoa jibu likiwa tayari. Njia ya kilo na jouli inatoa 0.066 kg, nayo ni sawa, ila wengi huandika 0.66 wakati wa kunakili.

Kwa hali yako

Ikiwa karatasi yako ni ya kuchanganya tu, tungamo ziko kwenye gramu na jibu linalotakiwa ni halijoto au kiasi cha barafu kilichoyeyuka, gramu na jouli zitakuchosha kidogo kuliko nyingine. Geuza jedwali la data mara moja, liandike upya juu ya karatasi kwa J/g, na usirudi kutazama lile la zamani.

Ikiwa swali linataja wati, muda, mwendo au kimo, hata kama ni kwenye kipengele cha mwisho tu, anza na kilo na jouli tangu kipengele cha kwanza. Kubadilisha njia katikati ya swali ndiko kunakozaa yale majibu ya sekunde 0.038.

Ikiwa data yako yote imeandikwa kwa kJ/kg, tungamo ni kilo nzima nzima na mvuke umo, kaa kwenye kilojouli, mradi unaandika kizio kwenye kila mstari na unaiandika hita kwa kilowati.

Ikiwa karatasi imechanganya kama ile niliyoanza nayo, chagua yoyote kati ya tatu, lakini ichague kwa kuigeuza ile data isiyofanana na wenzake kabla ya mstari wa kwanza. Usibadilishe viwango vyenyewe: karatasi ikisema 4,200 tumia 4,200, hata kama unakumbuka 4,180 kutoka kwingine, na ikisema 336 badala ya 334, fuata 336.

Na kama unamfundisha mtu anayeanza, mpe njia moja tu kwa wiki kadhaa. Mimi huanza na kilo na jouli kwa sababu haina masharti, na gramu nazileta siku anapoanza kulalamika kuhusu sifuri.